Folda ya wingu inafunguka tupu nikiwa kijijini: mafaili yamekwenda wapi?

Swali: Habari fundi. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo. Juzi nilipewa laptop mpya ya Windows, nikaingia kwenye OneDrive ya chama, nikaziona folda zote, kesho yake nikasafiri kwenda kwenye mkutano wa wanachama ambako mtandao ni wa kubahatisha. Folda ya “Mikopo 2023” ikafunguka tupu kabisa. Ya “Mikopo 2024” majina yapo, ila nikifungua faili nasubiri weee, halafu linagoma. Je, kumbukumbu za chama zimepotea?

Jibu: Ndugu Katibu, kwa dalili ulizotaja, kumbukumbu ziko kwenye OneDrive, ni kwamba hazikuwahi kufika kwenye laptop. Ila naomba, kabla ya lolote lingine, usiifute hiyo folda tupu ukidhani imeharibika. Ukiifuta, laptop ikipata mtandao itapeleka agizo hilo kwenye wingu, na folda itaondoka kwa kila anayeitumia. Kwenye akaunti ya ofisi, kilichofutwa hukaa kwenye pipa la taka la OneDrive siku 93 kwa kawaida, kwenye akaunti binafsi siku 30.

OneDrive huleta vitu kwa awamu mbili. Kwanza huleta orodha, yaani majina ya folda na mafaili, tarehe na ukubwa. Yaliyomo ndani ya faili huja baadaye, pale tu unapolifungua. Ndiyo maana ukitazama safu ya `Status` unaona alama ya wingu la buluu: jina lipo, mwili haupo. Bofya faili la namna hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua `Properties`, utaona `Size` inasema megabaiti kadhaa huku `Size on disk` ikisema `0 bytes`.

Kwa hiyo folda zako mbili zina matatizo mawili tofauti. “Mikopo 2024” ilipata orodha, ikakosa yaliyomo. “Mikopo 2023” haikupata hata orodha. Akaunti ikiwa ndiyo kwanza imeunganishwa, folda hutangulia na majina ya ndani hufuata kidogo kidogo; ukiifunika laptop wakati OneDrive bado inaandika `Processing changes`, baadhi ya folda hubaki maganda matupu.

Na kule kusubiri je? Unapofungua faili la wingu, Windows huiomba OneDrive ilete yaliyomo, na Word au Excel husimama ikingoja. Windows huipa OneDrive sekunde 60 ijibu. Hapa ndipo mtandao dhaifu unapotesa kuliko kukosa mtandao kabisa: kila kipande kidogo cha data kinachofika huanzisha hesabu upya, faili likaning'inia dakika nyingi bila kufunguka wala kukataa. Ukizima Wi-Fi kabisa, mara nyingi linakataa upesi na kukupa ujumbe wa kosa, na angalau unajua umesimama wapi. Folda ya picha za fomu zilizoskaniwa huwa nzito zaidi, kwa sababu Windows hutaka pia kuchora kipicha cha kila fomu.

Ukirudi penye mtandao mzuri, iache laptop wazi mpaka OneDrive iandike kwamba imemaliza kulandanisha. Kisha bofya folda ya “Mikopo 2023” kwa kitufe cha kulia, chagua `Always keep on this device`, na ufanye hivyo hivyo kwa ya 2024. Wingu litageuka kuwa duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe. Tiki ya kijani ndani ya duara jeupe haitoshi kwa safari: faili hilo lipo leo, lakini Windows inaweza kulirudisha kuwa la wingu pekee iwapo `Storage Sense`, kisafisha nafasi cha Windows, imewekwa kufanya hivyo kwa mafaili yasiyofunguliwa siku nyingi.

Angalia nafasi na muda. Tuseme folda zote mbili zina GB 3.6: kwa mtandao unaoshusha megabaiti 1 kwa sekunde, ni saa nzima. Ukitumia bando la simu na Windows ikiutambua mtandao huo kuwa `metered`, yaani wa kulipiwa kwa kiasi cha data, OneDrive hujisimamisha yenyewe ili isikumalizie bando, nawe utadhani inashusha. Fungua alama yake karibu na saa ya kompyuta, uone kama imeandika `paused`.

Usiku wa kuamkia safari, weka laptop katika hali ya ndege, fungua folda zote mbili, kisha fungua faili moja la mwanzo, moja la katikati na la mwisho kabisa. Likigoma hata moja, bado una usiku mzima wa kulishusha.