Maharage, mboga za majani na choo kigumu

"Nimeongeza sana maharage na mboga za majani ili nipate choo laini. Sasa tumbo limejaa gesi na choo bado kigumu. Nakosea wapi?"

Pole sana, ndugu. Maharage yana nyuzinyuzi za aina mbili. Zinazoyeyuka, ambazo zimo pia kwenye bamia na karoti, hushika maji na kuwa kama uteute. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua, na gesi yako kwa sehemu inatoka hapo. Gesi nyingine hutokana na sukari za maharage tusizoweza kumeng'enya.

Zisizoyeyuka zimo kwenye maganda ya maharage na mashina ya mboga. Hizi hupita karibu zilivyo, zikiongeza ukubwa wa choo na kuuchochea utumbo ukisukume. Maji yakipungua, choo huwa kikubwa lakini kikavu. Nadhani ndicho kinachokusumbua.

Rudi kwenye nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kwa siku, ukae hapo wiki nzima kabla ya kuongeza. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yapike hadi yalainike kabisa. Kunywa maji kila mlo. Ukiona damu, ukitapika, au gesi ikikataa kabisa kutoka, acha haya yote umwone daktari siku hiyohiyo.