Barua kwa mwanangu: bibi alikuulizia

“Mama, shikamoo. Jumanne uliponipigia kwamba bibi hali si nzuri, nilikwambia nitakuja Alhamisi nikishafunga hesabu za mwezi. Nimefika Chalinze, simu ikaita. Sasa kila nikilala nasikia ule mkoromo wake wa kwenye simu. Bibi aliniulizia? Alikufa akijua kwamba sikuja?”

Marahaba mwanangu.

Alikuulizia. Ilikuwa Jumanne baada ya adhuhuri, nimemwegemeza kwenye mito miwili nampa uji kwa kijiko. Nikamwambia unakuja Alhamisi. Akasema, “Asije na basi la usiku.” Unamjua alivyoyaogopa mabasi. Kisha akataka ageuziwe ukutani, alale. Hakuuliza tena, na wala hakunung’unika.

Sitakudanganya: ungepanda basi Jumanne ileile, ungemkuta bado anasema maneno mawili matatu. Lakini tazama hiyo Jumanne ilivyokuwa. Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo, na moyo uliochoka hauendi kama saratani. Mwenye saratani mara nyingi unamwona akishuka wiki kwa wiki, na watu wakapata nafasi ya kuitana. Mgonjwa wa moyo huanguka na kuinuka: leo miguu imejaa maji na pumzi hazitoshi, keshokutwa dawa ya kukojoza imefanya kazi, kakaa barazani anasuka ukili. Mwezi wa Rajabu tulikuita, ukaja mbio, ukamkuta anagombana na muuza samaki. Daktari mwenyewe Jumanne ile alisema tumwangalie siku chache. Mimi niliyefanya kazi wodini mpaka nikastaafu, sikukwambia “njoo sasa hivi”, maana sikuliona la kunifanya niseme hivyo. Wewe unaihukumu Jumanne kwa habari za Alhamisi, na habari hizo Jumanne hakuwa nazo mtu yeyote.

Dalili nilizozijua zilianza Jumatano alasiri. Nilipomfunua shuka kumpaka mafuta, magoti yalikuwa na mabaka ya zambarau na nyayo zimepoa, ingawa chumba kilikuwa na joto. Hapo damu imeacha kwenda mbali, inabaki kwenye moyo na ubongo. Pumzi nazo zikabadilika. Anapumua juujuu, kisha kwa nguvu zaidi, kisha polepole, halafu kimya. Unahesabu mpaka kumi, mpaka ishirini, ndipo anavuta tena. Wakati huo alikuwa hafumbui macho hata nikimwita kwa jina lake la utotoni.

Sasa huo mkoromo, maana nadhani ndio unaokuumiza kuliko yote. Ulidhani anakabwa. Hakabwi. Mtu akifika hapo hamezi wala hakohoi, kwa hiyo mate machache tu yanabaki kooni na hewa inapita juu yake. Wanaoteseka kwa sauti ile huwa ni sisi tulio kando. Mgonjwa anayekabwa anakunja uso, anashika shingo, anahangaika mikono. Bibi uso wake ulikuwa umelegea kabisa, na ndio kitu cha kwanza tunachofundishwa kukitazama. Nilimlaza ubavu, kichwa kikiinama kidogo mate yatoke yenyewe, nikamlowesha midomo kwa pamba yenye maji. Sauti ikapungua. Simu haikukuonyesha hayo, imekuletea sauti peke yake.

Ulipoongea naye usiku ule niliweka simu spika, nikaisogeza sikioni kwake. Unauliza kama alisikia. Wauguzi tumeambiana miaka na miaka kwamba kusikia hukawia kuondoka, na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilipima jambo hilo. Waliwavalisha wagonjwa waliofikia saa zao za mwisho kofia yenye nyaya za kusoma umeme wa ubongo, wakawasikilizisha milio. Kwa baadhi yao, ingawa walikuwa hawajitambui tena, ubongo uliitikia karibu sawa na wa vijana wazima. Kuitikia mlio si sawa na kuelewa maneno, kwa hiyo sikuapii kwamba alielewa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba sauti yako ilifika sikioni kwake. Hata ungekuwa umekaa mahali nilipokaa mimi, usingepata zaidi ya hapo.

Na mahali hapo penyewe sipo unapopafikiria. Unawaza kwamba kuna dakika ambayo mtu anafumbua macho, anawatazama waliopo, anawakosa wasiokuwepo. Katika wote niliowauguza, waliofanya hivyo ni wachache mno. Alhamisi asubuhi shangazi yako anasoma Yasini, mimi namlakinia shahada taratibu, mkono wangu uko kifuani kwake. Akavuta pumzi, akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza usiku kucha. Nikahesabu. Nikaendelea kuhesabu. Pumzi ya mwisho huijui wakati inapovutwa, unakuja kuijua pale inayofuata inapokataa kuja. Nilikuwepo, mwanangu, na bado iliniponyoka. Nikamfumba macho, nikamfunga taya kwa kitambaa kabla mwili haujakakamaa, ndipo nikakupigia.

Umeniandikia pia kwamba mjukuu mwema hawezi kukosa siku kama hiyo. Hilo umelitoa wapi? Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda Badri, mwaka wa 2 Hijria, binti yake Ruqayya alikuwa mgonjwa Madina, akamwacha Uthman amuuguze mkewe. Ruqayya akafariki baba yake akiwa huko. Zayd bin Haritha alipoingia mjini na habari za ushindi, aliwakuta watu ndio wanamzika. Na Saad bin Ubada mama yake alifariki naye hayupo. Aliporudi alimwendea Mtume akamuuliza: mama yangu amefariki nami sikuwepo, je, nikimtolea sadaka itamfaa? Akajibiwa ndiyo. Akaitoa bustani yake sadaka kwa ajili ya mama yake. Hatukusimuliwa kwamba alikemewa kwa kutokuwepo.

Kwa hiyo kama moyo wako unatafuta pa kwenda, yapo yaliyobaki ya bibi. La kwanza ni fidia. Ramadhani iliyopita hakufunga hata siku moja, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa kutegemea kupona, kwa hiyo kila siku ina kibaba chake cha chakula kwa maskini. Mjomba wako alitaka kuilipa yote, nimemzuia, nimemwambia nusu ni yako. Mchele ununue huku, wa Dar bibi alikuwa anausema vibaya hata alipokuwa mzima.

La pili, yule shoga yake wa nyumba ya pili, waliyekuwa wakisuka pamoja, amekaa bila wa kuzungumza naye. Kuwaunga marafiki wa mzazi ni katika kumtendea wema baada ya kufa. Yeye naye hakuwepo siku ile, alikuwa Pangani kwa mwanawe, na anajilaumu kama wewe. Ukija ukae naye, mpe nafasi akusimulie. Ana mengi ya bibi yako ambayo hata mimi siyajui, na mengine sina hakika kama nataka kuyajua.

La tatu likingoja si kitu. Tangi la maji ya kutawadhia la msikiti wetu wa mtaani limepasuka, na wanapima kati ya la lita 1,000 na la lita 2,000. Nimesema tutachangia kwa jina la bibi, sijataja kiasi. Ulizia bei huko Kariakoo, na uulize kama wanasafirisha mpaka Tanga, kisha unipigie baada ya isha, mchana nakuwa na wageni wa rambirambi.

Mama yako