Mkubwa akiongezwa mwishoni mwa barua pepe ndefu, usimwambie "tazama hapo chini"

Juzi mkuu wa fedha aliingizwa kwenye mazungumzo ya barua pepe ambayo tulikuwa tumeyavuta kwa wiki kadhaa, tukibishana lini tuhamishie mishahara kwenye mfumo mpya. Kabla hajauliza lolote nilimwandikia jibu moja. Akarudisha: "Chaguo B. Endeleeni." Najivunia jibu lile. Mahali nilipofanya kazi zamani, uamuzi wa namna hiyo ulilala siku nyingi kwa sababu aliyemwongeza mkubwa aliandika "tazama hapo chini" tu, na lawama za kuchelewa zikatuangukia sisi tuliokwisha kumaliza kazi. Hadi leo inaniuma.

Niliandika hivi:

"Mkuu, tunaomba uamuzi wako kabla ya Alhamisi tarehe 20, saa 10 jioni: tuhame mwezi huu (A) au mwezi ujao (B)? Majaribio yamekwisha, ila salio la likizo la wafanyakazi 14 halilingani na la mfumo wa zamani. Kwa A, tutayasahihisha kwa mkono. Hatari yake ni kumlipa mtu pungufu. Kwa B, tutalipia leseni ya zamani mwezi mmoja zaidi. Timu ya mifumo inapendekeza B. Rasilimali watu wanataka A kwa kuwa wameshawatangazia wafanyakazi. Tusipopata jibu, mwezi huu tutalipa kwa mfumo wa zamani. Idadi ya wafanyakazi 60 utakayoikuta chini ni ya kabla ya marekebisho."

Ombi limetangulia, historia imefuata, tena ile tu inayogusa uamuzi. Lakini sentensi ninayoithamini zaidi ni ya mwisho. Mgeni akishuka chini hukutana na takwimu zilizokwisha kufa, naye hana namna ya kujua kwamba zimekufa. Mwambie ipi imebadilika. Maneno kama "kesho" na "ile ripoti ya pili" nayo yaandike upya kwa tarehe na jina kamili, maana yeye hakuwepo yaliposemwa.

Wasiokubaliana nawe waeleze kwa haki, pamoja na sababu yao. Nao wamo kwenye nakala. Ukiwapindisha, jibu linalofuata litakuwa la kukusahihisha, na mkubwa atasubiri mmalizane.

Kuhusu viambatisho: ukijibu, programu nyingi za barua pepe huviacha nyuma, ukisambaza, huvibeba. Kwa hiyo ambatisha upya jedwali analolihitaji, moja tu.

Na ndugu zangu, kabla ya kumwongeza mtu someni yote yaliyo chini. Ikiwa kuna mshahara wa mtu au neno kali ambalo hakupaswa kuliona, anzisheni barua mpya yenye muhtasari peke yake. Kufuta maneno hayo kwenye jibu lako hakutoshi, kwa sababu mwingine akijibu ujumbe wa zamani na kumweka kwenye nakala, yatamfikia yote.