Asilimia 95 ya chanjo ya surua inatoka wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto kwenye zahanati ya kata. Dozi ya kwanza ya surua-rubela tumefika asilimia 88, ya pili asilimia 70. Kila kikao tunaambiwa lengo ni asilimia 95. Hiyo 95 inatoka wapi? Nimesoma kuna kitu kinaitwa R0 ila sioni kinavyoingia kwenye hesabu. Na watoto wote hawa wakiwa wamechanjwa, surua bado inaweza kulipuka?

Jibu: Marahaba. Ndiyo, kwa takwimu hizo inaweza kulipuka, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

R0 ni wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja atawaambukiza akiingia kwenye jamii ambayo hakuna hata mmoja mwenye kinga, na hakuna hatua yoyote iliyochukuliwa kumzuia. Inategemea mambo matatu yanayozidishana: anakutana na watu wangapi kwa siku, uwezekano wa kumwambukiza kila anayekutana naye ni kiasi gani, na anabaki akiambukiza kwa siku ngapi. Surua ina nguvu kwenye yote. Virusi vyake husafiri hewani na vinaweza kubaki chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Tena mtoto huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya upele kutoka, wakati ambao mama anaona mafua, kikohozi na macho mekundu tu, na mtoto bado anakwenda shule. Ndiyo maana R0 ya surua hutajwa kuwa kati ya 12 na 18. Inatajwa kwa masafa kwa sababu haikai ndani ya kirusi peke yake: darasa lililojaa na boma lililo peke yake mbugani haviwezi kutoa namba moja. Wala haisemi ugonjwa unakwenda kwa kasi gani kwa siku; inahesabu watu kwa kila mgonjwa, basi.

Sasa tuchukue R0 ya 15. Mgonjwa anakutana na watu 15 ambao angewaambukiza. Kama theluthi mbili ya jamii ina kinga, kumi kati ya hao hawashikiki na anaambukiza watano. Tukiita sehemu ya jamii yenye kinga p, wanaoambukizwa kweli ni:

```
R = R0 × (1 − p)
```

R ikizidi 1, kila mgonjwa anaacha nyuma yake zaidi ya mgonjwa mmoja na mlipuko unakua. Ikishuka chini ya 1, mnyororo unakatika wenyewe, hata kama wapo wachache wasio na kinga. Mpaka uko pale R inapokuwa 1 kamili. Weka 1 mahali pa R, gawa pande zote kwa R0, unapata:

```
p = 1 − 1/R0
```

Kwa R0 ya 12 hiyo ni asilimia 91.7, kwa 15 ni 93.3, na kwa 18 ni 94.4. Hiki ndicho kizingiti cha kinga ya jamii.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata kwenye taarifa za ofisini. Kizingiti hicho kinadai watoto *wenye kinga*. Hakihesabu watoto *waliochomwa sindano*. Dozi moja ikitolewa katika miezi 9 hukinga takriban asilimia 85 ya watoto, kwa sababu wengine bado wana kingamwili za mama zinazoizuia chanjo kufanya kazi. Kwa hiyo kiwango cha uchanjaji kinachotakiwa ni kizingiti ukikigawa kwa ufanisi wa chanjo. Kwa dozi moja: 93.3 gawa kwa 0.85 unapata karibu asilimia 110. Yaani hata ukichanja kila mtoto bila kumkosa mmoja, dozi moja haifikishi. Hiyo ndiyo sababu ya dozi ya pili ya miezi 18. Haipo kwa ajili ya kuongezea nguvu waliokwisha kukingwa, kazi yake kubwa ni kuwapata wale ambao ya kwanza haikuwashika. Kwa dozi mbili ufanisi hufika kama asilimia 97, na 93.3 gawa kwa 0.97 ni 96.2. Ukitumia R0 ya 12 unapata 94.5, ukitumia 18 unapata 97.4. Ile 95 ya vikaoni inakaa humo, upande wa chini. Na ni asilimia 95 ya dozi *zote mbili*.

Turudi kwenye kata yako, tuchukue watoto 1,000 waliozaliwa mwaka mmoja, na tuseme kila aliyepata ya pili alikuwa amepata ya kwanza. Watoto 700 wana dozi mbili, na asilimia 97 yao ni 679 wenye kinga. Watoto 180 wana dozi moja, na asilimia 85 yao ni 153. Jumla 832. Waliobaki bila kinga ni 168, ambao 120 tu kati yao hawakuchanjwa kabisa. 48 wana tiki kwenye kadi lakini hawana kinga. Miongoni mwa watoto hawa R ni 15 × 0.168, yaani 2.5. Mgonjwa mmoja anazaa wawili na nusu.

Kama mlipuko haujatokea bado, usitulie. Hao 168 wanaongezeka kila mwaka. Kwa miaka mitano wanakuwa 840, na mwaka wa sita wanazidi watoto wa mwaka mzima. Jumla ya wasio na kinga walio chini ya miaka mitano inapokaribia idadi ya wanaozaliwa kwa mwaka, ndipo kampeni ya chanjo inapopangwa, bila kungoja mgonjwa wa kwanza.

Fomula hii ina udhaifu mmoja unaopaswa kuujua vizuri: inachukulia kwamba watu wote wanachanganyika sawasawa. Fikiria kata ya watu 10,000. Elfu tisa kati yao wana kinga kwa asilimia 96, na kitongoji kimoja cha watu 1,000 kina asilimia 56. Wastani wa kata unasoma 92, karibu kabisa na kizingiti. Lakini kama watu wa kitongoji kile wanachanganyika zaidi wao kwa wao, mle ndani R ni 15 × 0.44, yaani 6.6. Surua itawaka pale, na taarifa ya kata itaendelea kupendeza.

Kwa hiyo usihesabu kwa kata nzima. Fungua rejesta, panga watoto waliofikisha miezi 18 kwa kitongoji wanachotoka, kisha kwa kila kitongoji andika wenye mbili, wenye moja na wasio na kitu. Idadi ya watoto wa kitongoji ichukue kwa kuhesabu kaya pamoja na mhudumu wa afya ya jamii. Makadirio ya sensa kwa eneo dogo hupotoka sana, na dalili yake utaiona mwenyewe: kitongoji kinasoma asilimia 112. Maana yake ni kwamba idadi uliyogawia ni ndogo mno, au unachanja watoto wa kata jirani, na huenda bado kuna watoto wako ambao hawajaguswa.