Benki ilidai dola 2,203, mimi nimeandaa 653

Jana dada mmoja wa Kamalondo ameniandikia: "Kaka, benki inakata pesa yangu kila mwezi, nami naandika yote kwamba imepunguza deni. Nakosea?" Ndiyo, dada. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe, na bado linaniuma.

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule nilikopa dola 12,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Benki ikawa inakata 1,134.72 kila mwezi. Kwa kuwa kiasi hakikubadilika, niliona ni kitu kimoja tu. Nikakiandika chote debiti kwenye akaunti 162, ile ya mikopo ya benki katika mpango wa hesabu wa OHADA.

Baada ya rejesho la kumi daftari langu lilionyesha deni la 652.80. Nikatia pesa kwenye bahasha, nikaenda kulimaliza. Mtumishi wa dirishani akanigeuzia skrini: 2,203.08. Nilipiga kelele mbele ya foleni nzima, nikamwita mwizi. Alikuwa sahihi. Ile tofauti ya 1,550.28 ilikuwa riba ya miezi kumi, senti kwa senti.

Tazama mwezi wa kwanza. Asilimia 2 ya 12,000 ni 240: hiyo ni gharama, inakwenda debiti akaunti 671. Zinazobaki, 894.72, ndizo zinazopunguza deni, debiti 162. Benki, akaunti 521, inapata krediti ya 1,134.72 yote. Mwezi wa pili deni ni 11,105.28, basi riba inashuka hadi 222.11 na deni linapungua kwa 912.61. Rejesho ni lile lile, mgawanyo wake ndio unaobadilika kila mwezi.

Kusahihisha kulinichukua mstari mmoja: debiti 671, krediti 162, dola 1,550.28. Faida yangu ya mwaka ikaanguka kwa kiasi hicho hicho, nami nilikwisha kuitumia kununua mabati. Hilo ndilo lililonikata.

Wengine wanakosea kinyume: wanaandika rejesho zima kuwa gharama. Kwao deni linabaki 12,000 daftarini hata siku benki imelifunga, na duka linaonekana linakula hasara. Wako pia wanaoandika mkopo wenyewe kuwa mauzo siku unapoingia. Jamani, pesa ya kurudisha si mauzo! Ni debiti 521, krediti 162.

Kwa hiyo dada, kesho omba benki jedwali la marejesho. Lina safu ya riba, safu ya mtaji unaorudishwa na safu ya deni linalobaki. Kila mwisho wa mwezi linganisha safu hiyo ya mwisho na salio la 162. Zikitofautiana hata kwa dola moja, usiandike rejesho linalofuata kabla hujajua ni mwezi gani zilianza kuachana.