Shampuu ya kipande inaniachia uji mweupe kwenye nywele. Tatizo ni kipande au ni maji?

Swali: Niko Mombasa, nywele zangu ni za asili, hazina dawa. Miezi miwili sasa nimeacha shampuu ya chupa kwa sababu ya plastiki, natumia ya kipande. Nywele zinanata, hazing'ai, na chanuo linatoka na uji mweupe. Muuzaji ameniambia nivumilie, nywele zitazoea. Karatasi yake imeandikwa Sodium Cocoate, Sodium Palmate, Glycerin, Parfum. Maji ya bafuni kwetu ni ya kisima. Je, hizi za bila plastiki kweli zinafanya kazi sawa na za chupa? Na zile za kwenda kujaziwa chupa dukani?

Jibu: Usivumilie, dada. Hapo hakuna cha kuzoea, na kila ukiosha huo uji utazidi.

Ulichouziwa ni sabuni. Sodium Cocoate ni mafuta ya nazi yaliyopikwa na kostiki soda, na Sodium Palmate ni mawese yaliyopikwa vivyo hivyo. Kwa kuogea huenda ni sabuni nzuri sana. Shida inaanza inapokutana na maji yako. Visima vingi vya pwani vinachimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa, kwa hiyo maji yanapanda yakiwa yamebeba kalsiamu. Ukitazama ndani ya birika la chai utaona ukoko mweupe. Ndiyo hiyo hiyo. Sabuni ikigusana na kalsiamu, vinashikana na kuwa kitu kingine kisichoyeyuka majini. Kwenye beseni unakiona kama mstari wa kijivu pembeni. Kwenye nywele za kujikunja kinapata mahali pengi pa kujishikiza, na suuza utakavyosuuza, unazidi kuleta kalsiamu nyingine.

Kuna na jambo la pili. pH ya sabuni ya kweli ni kati ya 9 na 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Hapo magamba madogo yanayofunika kila unywele yananyanyuka, nywele zinakwaruzana na mng'ao unapotea.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe jikoni. Kwangua kijiko kimoja cha chai cha hicho kipande, ukiyeyushe kwenye nusu kikombe cha maji ya mvua yaliyopashwa moto. Chukua chupa mbili za jamu: moja ijaze nusu kwa maji ya mvua, nyingine nusu kwa maji ya kisima. Tia kijiko kimoja cha ule mchanganyiko katika kila moja, funga, tikisa. Ya mvua itatoa povu. Ya kisima ikigeuka kama maziwa, povu likafa, na vipande vyeupe vikaelea juu, basi umekiona kwa macho yako kile kilicho kichwani mwako.

Kwa sasa, ondoa kilichoganda. Changanya vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe katika lita moja ya maji, mimina kwenye nywele zilizolowa, acha dakika mbili au tatu, kisha suuza. Siki inakitenganisha kile kitu na kalsiamu, lakini inabaki asidi ya mafuta ambayo nayo inanata. Ndiyo maana wanaoishia kwenye siki peke yake wanalalamika kuwa nywele zimekuwa na mafuta. Baada ya siki, osha kwa shampuu ya kawaida ya chupa, hasa yenye Disodium EDTA kwenye orodha, kwani hiyo inaikamata kalsiamu. Rudia wiki inayofuata ikiwa chanuo bado linatoka jeupe.

Ukirudi kwenye kipande, nunua ambacho si sabuni. Jina la kutafuta mwanzoni mwa orodha ni Sodium Cocoyl Isethionate, au Sodium Coco-Sulfate. Hivi ni viosheo vya aina ile ile ya vilivyomo kwenye chupa, ila vimekandamizwa vikiwa vikavu. Kalsiamu haivigeuzi kuwa uji jinsi inavyofanya sabuni, na kipande kinaweza kutengenezwa kiwe na pH ya 5 hadi 6.5. Mimi ninavyofanya kazi na hicho cha kwanza, nakiona kina nafuu zaidi kikiwa kipande kuliko kikiwa chupani, kwa sababu kikikaa muda mrefu kwenye maji kinavunjika polepole.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kipande cha namna hiyo kinaosha sawa na chupa. Ninachokipinga ni ahadi za kwenye karatasi, kwamba kipande kimoja ni sawa na chupa tatu. Tupige hesabu. Chupa ya mililita 250 yenye viosheo asilimia 12 ina gramu 30 za viosheo. Kipande cha gramu 80 chenye asilimia 50 kina gramu 40. Hiyo ni chupa moja na theluthi. Ukifikia mbili, ni kwa sababu ulikuwa unamimina kupita kiasi kwenye chupa, jambo ambalo wengi wetu tunalifanya. Na hesabu hiyo yote inaharibika kipande kikilala kwenye kisahani chenye maji. Kinalainika, na nusu yake inaishia kwenye bomba la maji machafu. Kiweke juu ya kitu chenye matundu, mbali na bomba la mvua.

Kwa nywele zako za asili, usikisugue moja kwa moja kichwani, maana msuguano huo unakata nywele. Toa povu mikononi, upeleke kwenye ngozi kwa ncha za vidole, ufuatishe kondishena. Chupa inakishinda kipande kwenye ulaini wa papo hapo, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuchanganya vilainishi kwenye kimiminika. Na ikiwa una mba wa kuhitaji dawa, baki na chupa ya dawa.

Kuhusu kujaziwa dukani: shampuu ni ile ile, itaosha vile vile. Cha kuangalia ni vijidudu. Sehemu kubwa ya shampuu ya chupa ni maji, na kihifadhi kilichomo kimepimwa kwa ajili ya kiasi hicho cha maji. Ukiongeza shampuu mpya juu ya mabaki yaliyochanganyika na maji ya bafuni, unakidhoofisha kihifadhi huku ukiwapa vijidudu chakula. Osha chupa kwa maji moto mpaka povu liishe, suuza kwa spiriti ya asilimia 70, iache kichwa chini siku nzima ikauke kabisa, ndipo uipeleke. Pampu ni ngumu kuisafisha kwa sababu ya springi iliyo ndani. Bora chupa ya kifuniko cha kawaida. Dukani, uliza namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi vya pipa wanalochotea, na uangalie kama pipa lina koki au linafunguliwa juu na kutumbukizwa kikombe. Kama ni kikombe, ondoka. Na nyumbani, shampuu ikiwa nyepesi ghafla, ikajitenga, au ikaanza kunuka uchachu, imwage, hata kama uliinunua juzi.