Bomba la ghorofa refu: jumlisha yuniti, usijumlishe lita

Nyie mnaoanza kupiga hesabu za mabomba ya maghorofa, fikscha yuniti sio lita, ni uzito tu unaochanganya fikscha kama choo au sinki inakula maji kiasi gani na inatumika mara ngapi. Unajumlisha yuniti zote zinazolishwa na hicho kipande cha bomba, afu ndo unaingia kwenye grafu ya Hunter, ile inayogeuza yuniti kuwa lita kwa sekunde, mara moja tu.

Chukua zoni, yaani kundi la floo zinazolishwa na pampu moja, ya floo 10, kila floo apatimenti 5, kila apatimenti ina bafu moja lenye choo cha tenki plus sinki la jikoni. Kwa jedwali la IPC, ile kanuni ya kimataifa ya mabomba, bafu zima ni 3.6 na sinki 1.4, jumla 5, kwa hiyo floo ni 25 na zoni nzima 250. Yuniti 25 zinatoa kama lita 1.36 kwa sekunde, 250 zinatoa 4.7 tu, maana kadiri watu wanavyoongezeka ndo inavyokuwa ngumu wote wafungue koki kwa mpigo. Sasa wengi wanachukua ile 1.36 wanazidisha kwa 10, wanapata 13.6 na wanachora bomba la milimita 100, wakati 65 inatosha kabisa, spidi kama mita 1.4 kwa sekunde (ukibana hadi 50 inafika 2.4, hapo tegemea kelele). Bomba kubwa ni hela tu, balaa ni busta, pampu ya kuongeza presha, ikinunuliwa ya lita 13 usiku mtu akinawa mikono pampu inawaka, presha inajaa papo hapo, inazima, inawaka tena. Ukiisikia inafanya hivyo kila baada ya sekunde chache, kabla hujagusa seti ya presha kagua kwanza tenki la presha, likiwa sawa rudi kwenye hesabu.

Halafu tenki la kati, lile linalojazwa na pampu ya chini afu linalisha busta. Hili linakata hesabu vipande viwili na hapa ndo watu wanachanganya. Bomba la kulijaza halijui kuna mabafu mangapi juu, linajua muda wa kujaza basi. Zoni ikitumia lita 30,000 kwa siku na unataka pampu ijaze kwa masaa 4, hiyo ni lita 2.1 kwa sekunde, milimita 50 inatosha. Ila busta inayotoka kwenye tenki kwenda kwenye koki lazima ibebe 4.7 yote. Na kama bomba moja linalisha fikscha na pia linajaza tenki la juu, ile 2.1 unaiongeza kama lita baada ya kusoma grafu, usiigeuze kuwa yuniti.

Kwa nini floo 10 na sio 20? Tenki likiwa chini ya zoni, mita 30 za kupanda ni baa 3, koki ya juu kabisa ipate 1.5, msuguano 0.5, busta inasukuma baa 5. Usiku maji yakiwa yametulia floo ya chini inakula karibu zote 5, na kanuni nyingi za mabomba zinagomea ikizidi 5.5, kwa hiyo ukiongeza floo mbili tatu tayari za chini zinataka valvu ya kupunguza presha.